Picha thelathini na saba na pembe mbili za paji

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, naishi Morogoro. Mwaka mzima nimekuwa nikiediti nywele kwenye picha yangu ya profaili: leo afro, kesho dredi, keshokutwa fedi yenye nywele ndefu juu. Watu wanasifu, ila nikimwonyesha kinyozi picha, haitoki vile. Pembe zangu za mbele zinarudi nyuma, na siku hizi naogopa kukutana na watu niliozoeana nao kwa simu. Nichague mtindo gani ili nifanane na picha zangu?"

Marahaba, mdogo wangu. Mtindo huo haupo. Si kwamba vinyozi wa Morogoro hawajui kazi, na si kwamba kichwa chako kina kasoro. Nitakueleza kupitia kijana mmoja wa umri wako aliyekaa kwenye kiti changu cha kinyozi hapa Dar es Salaam. Amenikubalia nisimulie, jina lake nitaliacha.

Alikuja mchana wa Jumanne, saa ambazo saluni huwa na mtu mmoja mmoja. Alivaa kofia, na hakuivua mpaka mteja wa mwisho alipotoka. Kisha akanipa simu. Kulikuwa na picha 37, na zote zilitokana na picha moja tu: yeye chumbani kwake, shati la bluu, uso umegeuka kidogo kushoto. Shati lilikuwa lile lile, ukuta ule ule, nywele tofauti. Afro ya mviringo, misuko ya mistari minne, kiduku kilichopakwa rangi ya dhahabu, dredi za kufika mabegani, nywele laini zilizolalia paji kama za waigizaji wa Kikorea. Aliniambia anabadilisha kila baada ya siku nane au tisa, na kila akibadilisha anakaa na simu akisubiri nani atasema nini. Akauliza kama ulivyouliza wewe: "Ipi kati ya hizi unaweza kunitolea?"

Sikushika mashine. Nilikata kipande cha karatasi nikamwambia afunike kila picha kuanzia juu kidogo ya nyusi kwenda juu, ili nywele zote zipotee, abaki na nyusi, macho, pua, mdomo na kidevu. Huwa nawapa wanafunzi wangu zoezi hili wanapoletewa picha ya mtindo na mteja, kwa sababu mara nyingi mteja hakupenda nywele, alipenda sura iliyo chini yake. Akaanza kupitisha picha moja moja. Kwenye ya sita au ya saba akasimama, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Ana kovu dogo linalokata nyusi ya kulia, la tangu utotoni. Akasema, "Kovu limekwenda wapi?"

Tulizihesabu pamoja. Kovu lilionekana kwenye picha tatu tu. Taya lilikuwa limechongoka kuliko lake. Vipele vya shavuni vilifutika, na kwenye picha kadhaa rangi ya ngozi ilikuwa imepanda kidogo. Yeye hakuwa amegusa kitu chochote zaidi ya kuchagua nywele.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika bila kujua. Tunadhani programu huchukua nywele na kuzivalisha kichwani kama kofia. Zile za zamani zilifanya hivyo, na ilikuwa rahisi kugundua kwa sababu nywele zilielea. Za siku hizi hutafuta kwanza alama za uso wako, yaani pembe za macho, ncha ya pua, mzingo wa taya, halafu huchora upya eneo la kichwa kwa kufuata sura nyingi ambazo programu hizo zilifunzwa nazo. Mara nyingi uso nao huchorwa upya pamoja na nywele. Kitu kidogo kisicho cha kawaida, kama kovu au nyusi iliyopanda upande mmoja, huwa cha kwanza kupotea. Nyingine pia huja na kirembesha uso ambacho tayari kimewashwa. Kwa hiyo sifa unazopewa kwa afro au dredi, sehemu yake kubwa ni sifa ya ngozi iliyolainishwa na taya lililochongwa. Hakuna kinyozi anayeweza kukupa hivyo kwa mashine.

Tulipima jambo la pili. Chukua karatasi, weka alama ya urefu kutoka katikati ya nyusi hadi chini ya pua. Halafu sogeza karatasi hiyo hiyo juu, uone kutoka nyusi hadi nywele zinapoanzia. Wachoraji wa sura wamezoea kuchukulia kwamba vipimo hivi viwili hulingana, ingawa watu halisi hupishana sana. Kwenye picha yake ya asili paji lilizidi kwa karibu theluthi. Kwenye zile za kuhaririwa, karibu zote, vipimo vililingana. Programu ilikuwa imeshusha mstari wa nywele mpaka ukafika mahali ambapo kichwa chake hakina nywele wala hakijawahi kuwa nazo. Fanya kipimo hiki kwenye picha zako usiku wa leo. Usipotaka kufanya kingine chochote katika haya ninayoandika, fanya hicho.

Mashine yangu hupunguza, haioteshi. Fedi ni kazi ya kushusha urefu wa nywele hatua kwa hatua: juu labda namba 4, ambayo huacha milimita 13, pembeni namba 2 ya milimita 6, kisha namba 1 ya milimita 3, mpaka chini kabisa kwenye ngozi. Kila hatua inataka nywele ziwe tayari zimefika urefu huo na ziwe nene kiasi cha kuficha ngozi. Mstari wa mbele ukiwa nyuma, ninaweza kuufuata au kuurudisha nyuma zaidi. Kuuleta mbele siwezi, ila kwa kupaka piko, na piko nitaisemea.

Halafu kuna aina ya nywele. Nywele zetu za kipilipili hujikunja tangu kwenye ngozi na husimama. Haziangukii paji. Ule mtindo wa nywele laini zilizolala hauwezi kutoka bila dawa kali ya kulainisha, na hata kwa dawa hautatoka kama kwenye picha. Tena hukua polepole: nywele za Waafrika, kwa wastani, hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, na kwa kuwa zinajikunja, urefu unaoonekana ni mdogo kuliko urefu wenyewe. Dredi za kufika mabegani, ukianza na kipara leo, ni safari ya miaka mitatu au minne. Yule kijana alikuwa nazo mwezi wa tatu, na wiki iliyofuata ana fedi, na wiki iliyofuata tena ana misuko. Marafiki zake wa karibu walikuwa wanajua kabisa. Walinyamaza tu kwa sababu walimpenda.

Sasa tufike kwenye pembe, maana naona ndizo zinazokuuma.

Nilimwomba akae chini ya taa na nikazitazama kwa karibu. Kuna mambo matatu yanayofanana kwa macho, na kila moja lina njia yake. La kwanza ni kosa letu sisi vinyozi. Mteja anataka mstari ulionyooka kama rula, mkono wa kinyozi unapita ndani kidogo, wiki ijayo anayefuata anapita ndani kidogo tena, na baada ya mwaka paji limeongezeka bila nywele hata moja kufa. La pili ni mvuto. Misuko ya kubana na dredi nzito huvuta mizizi ya pembeni mpaka ikachoka. Dalili yake ni ufito mwembamba wa vinywele vifupi vilivyobaki ukingoni kabisa, na nyuma yake eneo lililopungua. La tatu ni upara wa kurithi. Huo huanza kwenye pembe mbili na kulipa paji umbo la M, au huanza utosini, na ukitazama vizuri utaona nywele zimekuwa nyembamba na fupi kabla hazijatoweka. Watu husema upara hurithiwa kwa wajomba peke yao. Si kweli. Hutoka pande zote mbili.

Jaribio ni rahisi na halina gharama. Wiki tatu, mashine wala wembe usiguse ukingo wa mbele. Nilimwambia hivyo na akashtuka, kwa sababu ilimaanisha wiki tatu za kutembea na mstari usiochongwa. Alikubali kwa sharti la kofia. Aliporudi, upande wa kushoto kulikuwa na mabua meusi yaliyoota kwa upana wa karibu nusu ya kidole mbele ya ule mstari wa zamani. Nywele hizo hazikuwa zimekwenda popote, zilikuwa zinanyolewa kila Jumamosi. Upande wa kulia yaliota machache, na kwenye ncha zote mbili za pembe hakukuota kitu. Hapo nikamwambia ukweli: sehemu ya unachokiona ni sisi, na sehemu ni urithi wako, na ile ya urithi itaendelea.

Akaniuliza kuhusu baba yake. Nikamwambia yeye ndiye anayemjua. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu aanze kuja. Baba yake amenyoa kipara tangu yeye akiwa darasa la pili, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku baba alisimama mbele ya kioo akahesabu pembe.

Dawa zipo na sitakuficha. Minoksidili ya kupaka, ya asilimia 5, huwasaidia baadhi ya watu wenye upara wa kurithi. Hutaona kitu kabla ya miezi mitatu hadi minne. Wiki za mwanzo nywele zinaweza hata kudondoka zaidi, na ukiacha kupaka, ulichopata hupotea baada ya miezi michache. Kuna pia kidonge cha finasteridi, ambacho ni cha kuandikiwa na daktari, na kina madhara ambayo kijana anapaswa kuyasikia kwanza, yakiwemo ya nguvu za kiume kwa baadhi ya wanaokitumia. Huyu wangu alifikiri mwezi mzima akaamua asianze, kwa sababu hakutaka kujifunga na kitu cha kila siku. Mwingine angeamua vingine na asingekosea.

Piko ya ukingoni ndiyo ninayokukataza kwa nguvu zote. Rangi nyingi nyeusi za aina hiyo zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, na ngozi ya mtu inaweza kuizoea mara tano na kuikataa mara ya sita. Nimewaona wateja waliokuja na paji lililovimba mpaka macho yamefungwa. Na ukiona upele wenye usaha kisogoni, ngozi inayouma, au sehemu iliyokuwa na nywele sasa inang'aa laini bila matundu, usinisubiri mimi. Huo ni ugonjwa wa ngozi, na baadhi ya aina zake huua mizizi moja kwa moja zikicheleweshwa. Daktari wa ngozi utampata Muhimbili, na KCMC kule Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho kimefanya kazi tangu 1992. Hospitali ya mkoa wako inaweza kukupa rufaa.

Nirudi kwa kijana. Wiki ya nne nilimnyoa: namba 2 juu, pembeni nikashusha hadi namba 1, na pembe nikaziacha zilivyo kwa kufuata umbo lake, bila kulazimisha mstari ulionyooka. Pembe zinazorudi nyuma huonekana zaidi nywele za katikati zikiwa ndefu, kwa sababu jicho linaona tofauti. Ukifupisha katikati, tofauti hupungua. Wengi huziacha nywele ziwe ndefu ili kuficha, na zinawaumbua.

Kisha nikamwomba simu nimpige picha, naye akasema ataipiga mwenyewe. Nikamkatalia, na sababu yangu ni hii. Mkono ukinyooka kidogo, simu inakuwa karibu sentimita 30 kutoka usoni. Kwa umbali huo, kilicho mbele zaidi huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Utafiti uliochapishwa Marekani 2018 ulikokotoa kwamba pua ya mwanamume huonekana pana kwa takriban asilimia 30 zaidi kwa umbali huo kuliko kwa mita moja na nusu. Na ukiinua simu juu ya macho, kama vijana wengi mnavyofanya, paji ndilo linalokuwa karibu na kamera. Miezi yote ile alikuwa akitumia picha moja inayokuza paji lake, halafu akimwomba mchoraji wa simu alipunguze.

Tulitoka nje, chini ya kivuli cha ukuta, asubuhi. Nilisimama hatua mbili na zaidi, simu usawa wa macho yake, kirembesha uso kimezimwa, nikapiga nane. Alipoziona hakuzipenda. Nilikuwa nimemwonya. Kioo kimemzoesha sura iliyogeuzwa, kushoto kuwa kulia, na uso wa mtu haulingani pande zote mbili. Kuna jaribio la 1977 ambapo watu walionyeshwa picha zao za namna mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa kama kioo. Wenyewe walielekea kupenda ya kioo, marafiki zao wakaelekea kupenda ya kawaida. Kila mmoja alipenda aliyoizoea. Kwa hiyo sikumwambia ajilazimishe kuipenda. Nilimwambia aiweke kwenye simu, aitazame mara moja kwa siku, asubuhi, kisha aifunge.

Ingekuwa vizuri kukuambia kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Aliiweka kwenye profaili Ijumaa. Jumapili akaitoa, akarudisha ya afro. Binamu yake alikuwa ameandika, "Kaka, umezeeka ghafla," na maneno hayo yalimchoma. Alikaa nayo wiki mbili. Kilichomrudisha hakikuwa ushauri wangu. Alisema alikuwa akiitazama ile afro akijikuta anatafuta kovu la nyusi, na asipoliona anahisi anamtazama mtu anayefanana naye tu. Akaiondoa, akaweka moja ya zile nane, ile ambayo anacheka na pembe ya kulia inaonekana kabisa. Kisha akafuta zile 37, akabakiza moja, ya kiduku cha dhahabu, kwa sababu mdogo wake wa kike aliipenda.

Hadi leo pembe bado zinamsumbua siku nyingine, hasa akipigwa picha harusini. Aliniambia hivyo bila aibu. Ila hafichi tena kwa kofia ndani ya nyumba, na amewahi kumwambia kinyozi mwingine, safarini, "Usinisukume mstari, ufuate ulivyo." Kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa kuliko picha yoyote.

Kuna jambo moja nataka ulipime kwa ukweli ukiwa peke yako. Je, siku ya kawaida unatumia zaidi ya saa nzima, ukijumlisha, kwenye kioo, kwenye kuhariri, au kuwaza kuhusu nywele? Je, umeacha kwenda kazini, msibani, au kwa rafiki kwa sababu yake? Kama jibu ni ndiyo, na imekuwa hivyo kwa miezi, basi limevuka kiti cha kinyozi. Kuna hali inayotambuliwa na madaktari ambapo akili hushikilia kasoro ndogo, au isiyoonekana na wengine, mpaka maisha yanabanwa. Hutibiwa kwa mazungumzo ya kitaalamu na wakati mwingine kwa dawa. Nenda hospitali uombe kuonana na daktari wa afya ya akili au mwanasaikolojia, na umwambie kuhusu picha pia, si nywele tu. Kunyoa hakutaitoa, na nywele zikirudi zote kesho, akili itahamia puani.

Kama jibu ni hapana, anza na wiki tatu. Mwambie kinyozi wako asiguse ukingo wa mbele, na akikushawishi, mwambie umeagizwa. Mwisho wa wiki tatu utajua ni kiasi gani kilikuwa wembe na ni kiasi gani ni chako. Kata fupi, halafu mwombe rafiki akupige picha kwa mbali kama nilivyoeleza.

Na wale unaoogopa kukutana nao, watumie picha hiyo kabla ya siku ya kukutana, usiwaachie waione mlangoni. Kijana wangu alikuwa na binti wa Tanga aliyezoeana naye miezi mitano. Alimtumia picha ya pembe usiku, akazima simu, akalala. Asubuhi alikuta ujumbe mmoja unamuuliza lile kovu la nyusi alilipataje.